Vitufe viwili vyekundu, mbona kimoja hakionekani?

"Fundi ametuletea picha mbili za skrini za ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya gesti yetu ya Mji wa Kale, Mombasa. Zote zina kitufe chekundu cha kuweka nafasi. Mbona kwenye ya kwanza wageni hawakioni?"

Kwa sababu jicho halivutwi na wekundu, linavutwa na kile kisichofanana na jirani zake. Nakiri kuwa mimi pia niliamini kwa muda mrefu kwamba nyekundu ina nguvu zake, na nilipaka vitufe vingi kwa imani hiyo. Imani hiyo ina asili. Mwaka 2011 kampuni ya Marekani iitwayo Performable ililinganisha kitufe cha kijani na chekundu kwenye ukurasa uleule, na chekundu kikabonyezwa zaidi kwa asilimia 21. Habari ikaenea kuwa nyekundu inauza. Kilichoachwa njiani ni kwamba ukurasa wenyewe ulikuwa umejaa kijani. Kitufe cha kijani kilikuwa mmoja wa ukoo, chekundu kikawa mgeni. Isitoshe, lilikuwa jaribio moja kwenye ukurasa mmoja, wala halitoshi kutoa sheria ya rangi.

Asubuhi ya Idi, nenda kamtafute binamu yako uwanja wa Makadara. Ukiambiwa "amevaa kanzu nyeupe", hujaambiwa kitu. Ukiambiwa amevaa shati jekundu, utamwona ungali barabarani. Sasa mpeleke na shati lake hilohilo kwa mashabiki wa timu yenye jezi nyekundu: amepotea. Shati halijabadilika, waliomzunguka ndio waliobadilika.

Turudi kwenye picha zenu. Ya kwanza ina utepe wa menyu mwekundu, bango la punguzo jekundu, kitufe cha WhatsApp ambacho fundi amekipaka nyekundu ili kilingane na vingine, halafu ndipo kitufe cha kuweka nafasi. Ya pili ina mandhari ya rangi ya maziwa, menyu ya maandishi meusi, WhatsApp kama maneno yaliyopigiwa mstari, na kitu chekundu kimoja tu. Ili usibishane na fundi kwa hisia, zitie picha zote mbili ukungu. Mwenye programu ya ImageMagick kwenye kompyuta aandike:

```
magick ya-kwanza.png -blur 0x12 ukungu.png
```

Asiye nayo aweke picha mbali kidogo na afumbe macho nusu. Maneno yanapotea, yanabaki mabaka. Picha yenu ya kwanza inabaki na mabaka manne mekundu, na kubwa kuliko yote ni menyu. Ya pili inabaki na baka moja. Hakikisha tu picha zina upana sawa, maana ukungu uleule hufuta zaidi kwenye picha ndogo.

Kuna kioja kimoja hapa ninachokipenda. Nyekundu kali `#FF0000` juu ya kijani `#008000` inaonekana kama kelele, lakini ukipima mwanga wake, uwiano ni kama 1.3 kwa 1, yaani karibu sawa. Geuza picha iwe ya kijivu na kitufe kinakaribia kuyeyuka. Asiyetofautisha rangi hizo mbili huona kitu cha namna hiyo kila siku. Kwa hiyo tofauti ya weusi na weupe nayo ihesabiwe.

Menyu haipimwi kwa ukungu, hiyo inataka mtu. Mwonyeshe picha umuulize: "Ungebonyeza wapi ujue chumba cha watu wawili ni pesa ngapi?" Tazama kidole kinapotua mara ya kwanza. Penye "Gundua", "Uzoefu" na "Zaidi", kama picha ya kwanza, kidole kitaelea. Penye "Vyumba", "Bei" na "Tulipo", hakina sababu ya kuelea. Kila picha ipate watu wake, kwani aliyeiona ya kwanza anaijia ya pili ameshajua mnachotafuta. Watu watano wanatosha kufichua kosa kubwa, hawatoshi kutoa asilimia.

Hata hivyo ya kwanza haijashindwa kote. Kitufe chake kimeandikwa "Weka nafasi". Cha pili kimeandikwa "Endelea", na mgeni aliyekiona upesi bado atajiuliza aendelee wapi. Chukueni rangi za pili na maneno ya kwanza.

Halafu mwambieni fundi apige tena picha za skrini, safari hii ukurasa ukiwa umefunguliwa kwenye simu. Hizi zote ni za kompyuta, na zote mbili zina picha ndefu ya Ngome ya Yesu juu kabisa. Kwenye skrini nyembamba huenda ikakisukuma kitufe chini, mahali ambapo hata chekundu cha peke yake hakionekani mpaka mtu ateremshe ukurasa.