Jina la kalamu na umiliki wa kitabu

"Ukichapisha kwa jina la kubuni, kisheria kitabu si chako."

Ni chako. Hakimiliki humwangukia aliyeandika, na huanza kazi inapoandikwa. Mkataba wa Berne, unaofuatwa na nchi nyingi duniani, haudai usajili wowote, wala wa kitabu wala wa jina.

Tofauti ipo kwenye muda. Kwa kiwango cha chini cha mkataba huo, kazi ya mwandishi anayejulikana hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo (nchi nyingi zimeongeza hadi 70). Mwandishi akibaki kufichika, miaka 50 huhesabiwa tangu kazi ilipotolewa kwa umma. Tuseme kitabu kimetoka 2025 na mwandishi akafariki 2070. Akiwa amejificha muda wote, ulinzi unakwisha mwishoni mwa 2075, na warithi wanabaki na miaka mitano tu. Akijitambulisha hadharani kabla ya hapo, unafika mwisho wa 2120. Jina la kalamu ambalo kila mtu anajua ni la nani halipunguzi chochote.

Kwa hiyo mkataba na mchapishaji uwe na jina lako halisi, na utaje jina la kalamu litakalokaa kwenye jalada. Mwandishi akiwa amefichika, mchapishaji aliyetajwa kitabuni ndiye huhesabiwa kumwakilisha. Katika kuchagua, epuka jina la mwandishi aliyekwisha kujulikana. Wasomaji wakidanganyika, anaweza kukushtaki.