Saa mbili usiku magari manne, saa nane mawili

Je, wanaopanga zamu za magari ya wagonjwa wanajuaje saa hii waweke magari mangapi na saa ile mangapi?

Wanaanza na vitu viwili vilivyo kwenye daftari la safari: simu ngapi ziliingia katika saa hiyo, na kila simu ililishika gari kwa muda gani. Ukizidisha cha kwanza kwa cha pili unapata mzigo, yaani idadi ya magari ambayo kwa wastani yako kazini muda huo. Juu ya mzigo huo unaongeza magari ya akiba mpaka shabaha ya muda wa kumfikia mgonjwa itimie.

Tuchukue mji wa ukubwa wa Mtwara-Mikindani, kwa namba za mfano. Ijumaa 26 zilizopita, kati ya saa 1 na saa 2 usiku, ziliingia simu 31. Hiyo ni kama simu 1.2 kwa saa. Mzunguko wa gari ni dakika 3 za kutoka kituoni baada ya kupangiwa, 14 za njiani, 15 kwa mgonjwa, 15 za kumpeleka hospitali, 18 za kumkabidhi na 10 za kusafisha gari na kubadili mtungi wa oksijeni. Jumla ni dakika 75, au saa 1.25. Mzigo basi ni 1.2 mara 1.25, sawa na 1.5.

Mtu wa haraka atasema magari mawili yanatosha, hata nafasi inabaki. Hayatoshi, kwa sababu simu haziji kwa foleni ya heshima. Ajali ya bodaboda barabara ya Mikindani na mama mwenye uchungu Chikongola wanaweza kupiga ndani ya dakika tano, kisha saa nzima ikapita kimya. Kwa kupima mrundikano wa namna hii hutumika fomula ya Erlang, mhandisi Mdenmaki aliyeitunga mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya laini za simu. Kwa mzigo wa 1.5, fomula inasema hivi: ukiwa na magari mawili, simu 64 katika kila 100 zitakuta hakuna gari. Matatu, simu 24. Manne, simu 7 tu.

Sasa shabaha. Tuseme wagonjwa 80 kati ya 100 wafikiwe ndani ya dakika 20. Hata gari likiwepo, halifiki kwa wakati kila mara, maana wapo wanaokaa mbali. Tuseme lililopo linawahi mara 90 kati ya 100. Magari matatu yanakuwepo mara 76, na asilimia 90 ya 76 ni 68: shabaha imepotea. Manne yanakuwepo mara 93, na asilimia 90 yake ni karibu 84: imetimia. Hesabu hii ni kali kidogo, kwa kuwa baadhi ya waliokuta magari yametoka husubiri dakika chache tu na bado huwahiwa, lakini kwa kazi hii ni afadhali ukali huo.

Saa 8 usiku mambo ni mengine. Simu ni 0.2 kwa saa na mzunguko, barabara zikiwa tupu, ni saa moja, hivyo mzigo ni 0.2. Gari moja litakuwepo mara 80 kati ya 100, na asilimia 90 yake ni 72, haitoshi. Mawili yatakuwepo mara 98. Kwa hiyo wahudumu wa magari mawili watakaa macho wakati kazi halisi ni ya sehemu ya kumi ya muda wao, na mhasibu ataona ni upotevu. Si upotevu. Mzigo ukiwa mdogo, akiba lazima iwe kubwa kuliko mzigo wenyewe.

Hesabu hizi huharibikia kwenye daftari kuliko kwenye fomula. Kosa la kwanza ni la saa zetu. Dereva anaandika "saa 2:10", anayeingiza kwenye kompyuta anaacha 02:10 badala ya 20:10, na jioni yote inahamia usiku wa manane. Utaligundua haraka ukichora simu kwa saa: kilele kikitokea saa 8 usiku na jioni ikawa tambarare, rudi kwenye makaratasi.

La pili ni kufunga safari mgonjwa anapofika mlangoni pa hospitali. Dakika 28 za kukabidhi na kusafisha zinapotea, mzunguko unaonekana dakika 47 na mzigo unashuka hadi 0.94. Kwa mzigo huo magari matatu yanaonyesha kuwepo mara 92 kati ya 100, wakati ukweli ni mara 76. Ratiba itapita kikaoni bila swali, na Ijumaa jioni simu zitakosa gari.

La tatu halionekani kabisa. Daftari linaandika safari zilizofanyika, haliandiki aliyepiga akaambiwa gari limetoka, akapanda bajaji. Vivyo hivyo mama mjamzito au mtoto mchanga aliyeombewa usafiri kwa namba 115 ya mpango wa m-mama, akabebwa na dereva wa jamii. Chukua kumbukumbu za waliopokea simu, si za madereva peke yao.

Rufaa ndefu zihesabiwe kando. Gari likimfuata mgonjwa Newala na kumleta hospitali ya mkoa, Ligula, au ya kanda, Mitengo, nusu siku imekwenda. Ukiichanganya kwenye wastani, mzunguko wa kila saa unavimba bila sababu, na bado hujui gari halipo lini. Likiondoka saa 9 alasiri kwa safari ya saa sita, litarudi saa 3 usiku, kilele kikiwa kimeshapita. Rufaa inayoweza kusubiri iondoke asubuhi. Isiyoweza, iwe na gari lake.

Kutoka magari kwenda watu, kila gari lina dereva na muuguzi. Gari la saa 24 linafanya saa 168 kwa wiki. Ukigawa kwa saa 45, kikomo cha kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kisha ukatenga asilimia 15 ya likizo na ugonjwa, kila nafasi inahitaji watu 4.4. Magari mawili ya kutwa kucha yanataka watu 18. Mengine mawili yakiingia saa 8 mchana na kutoka saa 4 usiku, kila siku, yanaongeza watu 6 tu, jumla 24. Ungeweka yote manne saa 24, ungehitaji 36.

Zamu hiyo ya jioni isikatwe saa 2 usiku kwa hoja kwamba simu zimepungua. Aliyepiga saa 1:50 bado ana gari mpaka saa 3:05. Kilele cha magari yaliyo kazini hufuata nyuma ya kilele cha simu, na mabadilishano ya zamu yakiangukia hapo, magari hurudi kituoni kubadilishana watu wakati wanapohitajika barabarani.

Ratiba ikishaanza, kila simu iliyochelewa iandikiwe sababu moja kati ya mbili: hapakuwa na gari, au gari lilikuwepo ila mbali. Sababu ya kwanza ikizidi katika saa fulani, ongeza wahudumu saa hiyo. Ya pili ikizidi, gari la tano Ligula halitasaidia. Hamishia moja kati ya manne likasubirie Mikindani.