Je, wajua? Methali haifichi maana, inamficha anayesemwa

"Kwa nini mtu akinisema kwa methali nacheka, ila akiniambia kitu hichohicho waziwazi nanuna siku nzima?"

Jibu ambalo wengi wanalo kichwani ni kwamba methali ni fumbo, fumbo linaficha maana, na maana ikifichwa haiumi. Linasikika vizuri ila si kweli. Fikiria tu kidogo: kama ulicheka basi uliielewa, na uliielewa vizuri kuliko ambavyo ungeelewa hotuba ya nusu saa, maana uliishika hapohapo kabla msemaji hajamaliza. Wahenga wenyewe hawakuwa na imani hiyo ya kuficha, wakasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Sasa kama mwerevu analigangua, na wewe ulishaligangua, kimefichwa nini?

Kinachofichwa ni anayeambiwa. Maneno yapo wazi mezani, ila hayana jina la mtu juu yake. Ukitaka kuona jambo hili likifanyika mchana kweupe nenda kwenye taarabu. Mwimbaji anaimba beti moja ileile mbele ya ukumbi mzima na hakuna anayeona ni yeye anayesemwa, mpaka mama mmoja ainuke na noti yake akatunze pale pale kwenye mstari fulani, halafu wakati anarudi kukaa amtupie jicho mwenzake wa meza ya tatu. Maneno hayajabadilika hata herufi, kilichobadilika ni kwamba sasa yamepata mwenyewe, na ukumbi mzima umejua. Yaani maana ilikuwepo toka mwanzo, iliyokosekana ilikuwa ni anwani.

Sasa kwenye utani wa nyumbani anwani hiyo haiwekwi na msemaji, inawekwa na anayesemwa. Hapa ndo penye utamu, tuchukue methali moja tu tuifungue taratibu.

Tuseme kijana kaja Tandika kwa shangazi yake kutafuta kazi. Wiki ya kwanza imepita, ya pili inaelekea ukingoni, anaamka saa tatu, anakunywa chai, anachaji simu. Shangazi angeweza kumwambia "wewe mvivu, hata ndoo ya maji huibebi", na hapo tungekuwa na msiba mdogo, kijana angepiga simu kwa baba yake, baba angempigia dada yake, na ndoo bado ingekuwa pale pale. Badala yake asubuhi shangazi anapita na ufagio, anasema "baba, chai ipo kwenye chupa, mgeni siku mbili..." afu ananyamaza, anaendelea kufagia.

Angalia kilichotokea. Nusu ya pili haijasemwa, ila kila aliyekulia kwenye Kiswahili anaijua: siku ya tatu mpe jembe. Ni kama lile swali la mtihani la kujaza nafasi iliyo wazi, mwalimu anaandika sentensi anaacha dashi, na anayeandika jibu ni mwanafunzi kwa mwandiko wake mwenyewe. Shangazi kaacha dashi. Neno "jembe" limetamkwa ndani ya kichwa cha kijana, kwa sauti ya kijana, na mtu hawezi kumkasirikia mwalimu kwa jibu aliloandika mwenyewe. Akiuliza "shangazi unanisema mimi?" atakuwa kasahihisha mtihani wake hadharani, kwa sababu shangazi atamjibu "nani kakutaja, mimi najisemea zangu tu". Na kisheria ya lugha ni kweli, hakutajwa.

Tena kuna kitu ambacho watu hawakioni kwenye methali hii japo kipo wazi kabisa. "Mpe" ni amri, ila amri kwa nani? Siyo kwa mgeni. Anayeambiwa ampe mtu jembe ni mwenyeji. Kwa hiyo shangazi anapoisema hamwagizi kijana chochote, ananukuu ushauri ambao yeye mwenyewe kapewa na wahenga, na kwa kuwa jembe hajalitoa mpaka leo, anatoka kwenye sentensi hiyo kama mwenyeji mpole kupita wahenga. Mgeni kazi yake ni kusikia pembeni tu, kama mtu aliyepita dirishani akakuta anazungumziwa. Sijui ni nani aliyeitunga ila alikuwa fundi.

Halafu kuna jembe lenyewe. Tandika hakuna shamba, na nyumbani kwa shangazi yawezekana jembe halipo kabisa. Hilo linasaidia sana. Angesema "siku ya tatu mpe ndoo" ingekuwa ni agizo, kijana angeiona ndoo pale mlangoni na angejua kaambiwa nini. Jembe liko mbali kiasi kwamba haliwezi kuwa agizo, ni picha tu, mtu anajiona kashika mpini sebuleni kati ya kochi na tivii, anacheka. Baada ya kucheka ndo anatafsiri mwenyewe kwamba jembe la mjini ni ndoo, au kununua luku, au kuosha vyombo. Umbali huo kati ya kitu kinachotajwa na kitu kinachotakiwa ndo unaompa mtu nafasi ya kuinuka bila kuonekana kainuliwa.

Na haijaisha, kwa sababu methali ina mlango wa kutokea. Kijana mwenye ulimi atajibu, "shangazi, mgeni njoo mwenyeji apone!" Nayo ni methali, nayo ina wahenga nyuma yake, na inasema kinyume kabisa: mgeni ni baraka. Sasa wamekuwa sawa, wahenga kwa wahenga, na mdogo kamjibu mkubwa bila kumkosea adabu, jambo ambalo kwa maneno yake mwenyewe asingeweza. Shangazi anacheka, anasema "apone na nini, mbona mgongo bado unaniuma kwa kuchota maji?" Umeona hapo? Ombi halisi, lile la maji, limetajwa kwa mara ya kwanza mwishoni kabisa, ndani ya kicheko, likiwa limevaa nguo za majibu ya utani. Kijana anachukua ndoo. Hakuna aliyeshindwa.

Kama unadhani natia chumvi, Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyohiyo mwaka 1962 alipokuwa akieleza Ujamaa ni nini, akitaka kusema kwamba zamani hapakuwa na nafasi ya kupe. Akaongeza jambo la maana, kwamba mgeni mara nyingi aliliomba jembe mwenyewe kabla hajapewa, maana aliona haya kukaa bure. Ndicho tunachokisema hapa: haya inatoka kwa mgeni, mwenyeji haipeleki.

Kuna na mambo ya sauti, nayapitia haraka ila yana kazi yake. Chukua "asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Hiyo "hu-" haibebi nafsi, mimi huvunjika, wewe huvunjika, yeye huvunjika, umbo ni moja, kwa hiyo hata sarufi imegoma kukutaja. Na kwa nini guu na siyo mguu? Vina tu, mkuu na guu, ila matokeo yake ni mguu mkubwa wa ajabu unaovunjika, mtoto akiambiwa anacheka kwanza halafu ndo anaogopa. Na "nyani haoni kundule" je? Wazee wa heshima wanaisema mbele ya watoto, mbele ya wakwe, hakuna anayestuka, wakati kundule ni kundu lake, likitamkwa hivyo kwa Kiswahili cha kila siku chakula kitaachwa mezani. Umbo la kizamani limeganda na ukali umegandia humo humo ndani. Na siku hizi watu wanapindua, mvumilivu hula mbivu inakuwa mvumilivu hula mbovu, anaambiwa rafiki ambaye mwaka wa tatu anasubiri ahadi ya mchumba. Hapo kicheko kinatoka kwenye herufi moja, na rafiki anajikuta anashangilia ufundi badala ya kuhesabu maumivu.

Ila isidhaniwe kwamba kila methali ni mto wa kulalia. Ulaini unategemea mambo mawili, nafasi ya kujaza mwenyewe na nafasi ya kujibu, na ukiondoa mojawapo unabaki na kijembe. Ndo maana "fadhila ya punda ni mateke" karibu kila mara inauma: haina cha kujaza, punda kashatajwa, na ukijibu unakuwa umekubali mateke ni yako. Na ndo maana mtu akishamaliza methali akaongeza "nadhani umenielewa", mambo yameharibika, dashi kaijaza yeye. Mdogo akimrushia mkubwa pia ni hatari, labda aanze na "wazee mnasema", hapo anakuwa kamrudishia mkubwa mali yake.

Kanga ndo mfano mzuri wa nafasi ya kujibu inapoondolewa. Jirani kapita kajifunga "hasidi hana sababu". Anwani hakuna kama kawaida, ila utamjibu nani? Nguo haisikii, na mwenyewe akiulizwa atasema kaipenda rangi. Maneno yaleyale ambayo kwa mdomo ungeyarudisha na mkacheka, kwenye kanga yanabaki yananing'inia siku nzima kutoka bombani mpaka dukani, na dawa yake inayojulikana, uswahilini kwetu hata kwa wenzetu wa Mombasa wanaoiita leso, ni kwenda kununua kanga yako yenye jina la kumjibu, ambayo ni gharama na inauzwa doti nzima.

Stetasi za Wasapu zimeurithi ugonjwa huohuo na kuuzidisha. Kanga inaonwa na mtaa, stetasi inaonwa na kila aliyekusevu, ndugu, bosi, mwenye nyumba, na kila mmoja anajaza dashi kivyake. Mtu kaandika "mgeni siku mbili" akimlenga shemeji yake mmoja tu aliyelala sebuleni, asubuhi anakuta meseji ya mama mkwe aliyekuwa apande basi wiki ijayo, anasema safari ameahirisha.