"Ijumaa ijayo" ni ya nani?

Ubishi ni uleule kila mara kwenye makundi ya WhatsApp. Mzigo haujafika, mmoja anasema "si nilikwambia Ijumaa ijayo?", mwenzake anajibu "ndiyo, na Ijumaa yenyewe bado". Kisha anajitokeza mjuzi wa lugha kutufundisha maana sahihi ya "ijayo". Hapo ndipo ninapokereka, maana ubishi huu kamusi haiuamui.

"Kesho", "wiki hii", "Ijumaa ijayo" na wenzao hayana tarehe ndani yake. Tarehe huipata kwa msemaji: kasema lini, yuko wapi, na wiki yake inaanza siku gani. Basi. Hayo mawili ya mwanzo watu huyakumbuka, japo kwa shida. La tatu hawalifikirii kabisa.

Tazama majina yetu ya siku. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, hivyo hivyo hadi Jumatano, ya tano. Inayofuata ni Alhamisi, jina tulilolipata kwa Waarabu, na kwao nalo lina maana ya siku ya tano, kwa kuwa wao huanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo Mswahili ana siku mbili za tano zinazofuatana, na hakuna anayeshtuka. Juu yake ukaja utaratibu wa ofisi, na kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, ambao siku yao ya kwanza ni Jumatatu: hapo Jumatano ni ya tatu na Alhamisi ya nne. Hata kalenda ya Google imekwepa kuamua. Inakuachia uchague mwenyewe kati ya Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Sasa mtu anayesema wiki inaanza Jumatatu "kwa kila mwenye akili" ameitoa wapi hiyo?

Tuseme jamaa aliyeko Maskati anamwandikia mdogo wake wa Dar: "Mzigo uondoke Ijumaa ijayo." Kwake ni saa sita na nusu usiku, Jumapili tarehe 9 Novemba 2025 imeshaingia. Oman iko mbele yetu kwa saa moja, basi ujumbe ukifunguliwa Dar unaonyesha saa tano na nusu usiku, Jumamosi tarehe 8. Simu imebadilisha saa na tarehe ya ujumbe ili zimfae msomaji. Maneno imeyaacha kama yalivyo, na hakuna alama yoyote ya kumwonya kwamba yamebaki na saa za Maskati.

Tuwape wote wawili kanuni moja, ile ya mjuzi wetu: "Ijumaa ijayo" ni Ijumaa ya wiki inayofuata hii tuliyomo. Oman tangu 2013 hupumzika Ijumaa na Jumamosi, kazi inaanza Jumapili. Kaka, kwa hiyo, ameshaingia wiki mpya, ya tarehe 9 hadi 15. Ijumaa ya tarehe 14 kwake ni "Ijumaa hii", na ijayo ni tarehe 21. Mdogo wake bado yuko Jumamosi, wiki yake ya kazi imekwisha jana, na inayofuata ni ya Jumatatu tarehe 10. Ijumaa yake ijayo ni tarehe 14. Kanuni moja, ujumbe mmoja, siku saba katikati, na kila mmoja amehesabu sawasawa. Tena usidhani ni mambo ya "huko Uarabuni" tu: Dubai ina saa sawa na Maskati, lakini tangu 2022 serikali huko hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufanya kazi nusu siku.

Lugha yenyewe imeshawahi kukutana na tatizo kama hili. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa pwani ni Alhamisi baada ya magharibi, na kwa mwingine ni Ijumaa yenyewe usiku. Ndiyo maana magazeti huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa": siku mbili zimetiwa nanga kwenye usiku mmoja, hakuna wa kubisha.

Kwa hiyo, ndugu, sikukatazi kusema "Ijumaa ijayo" ukiwa na mtu kibarazani. Ila ukimwandikia aliye mbali, ongeza maneno machache: "Ijumaa tarehe 14 Novemba, saa tatu asubuhi, saa za Dar." Na wewe uliyeupokea ujumbe ule mfupi, kabla hujamsahihisha mwenzio Kiswahili chake, muulize kwanza: tarehe ngapi?