Derivativu ya 3/x²: kuchuja majibu kwa alama na kipeo

Derivativu ya mchoro ni mteremko wake katika nukta fulani: chanya ukipanda, hasi ukishuka. Katika maswali ya kuchagua, mtunzi haweki majibu ya kubahatisha. Kila jibu la mtego limetokana na kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli.

Tuchukue y = 3/x², na majibu manne: 6/x³, −6/x³, −6/x na −3/x.

Anza na alama. x ikitoka 1 kwenda 2, y inatoka 3 hadi 0.75. Mchoro unashuka, kwa hiyo mteremko ni hasi na 6/x³ inaondoka. Yaliyobaki yote ni hasi hapo, kwa hiyo alama haina la kutusaidia zaidi.

Sasa kipeo. Andika 3/x² kama 3x⁻². Kanuni ni kuzidisha kwa kipeo, kisha kupunguza moja: −2 ukitoa 1 ni −3, si −1. Hapa ndipo wengi huteleza, maana macho yanaona 2 na mkono unaandika 1. Ndivyo −6/x inavyozaliwa. Nayo −3/x ni kazi ya kinyume, yaani intigrali, ambayo hutumika kutafuta eneo: kipeo kimeongezwa moja badala ya kupunguzwa, kisha tumegawanya kwa kipeo kipya badala ya kuzidisha. Jibu ni −6/x³.

Ukiwa na shaka, weka x = 10. Mchoro uko kwenye kimo cha 0.03 tu, na kadiri x inavyokua unashuka polepole zaidi, bila kufika sifuri kamwe. Ukiambiwa mteremko ni −0.6, kama −6/x inavyodai, kimo hicho kingekwisha kabla x haijafika 10.1. Kwa −6/x³ unapata −0.006, inayowezekana.

Eneo chini ya mchoro huohuo, kuanzia x = 1 hadi 3, linatumia ile −3/x tuliyoikataa. Kwenye 3 inatoa −1, kwenye 1 inatoa −3, na −1 − (−3) = 2. Asiyegeuza alama ya pili anapata −4, kisha, akikumbuka kwamba eneo haliwi hasi, anaifuta alama na kuchagua 4. Jibu hilo ni la hatari kwa sababu alama yake ni sahihi. Unganisha ncha mbili za mchoro kwa mstari mnyoofu: eneo chini ya mstari ni (3 + 1/3) ÷ 2 × 2, yaani 3.33 hivi. Mchoro umebonyea chini ya mstari huo, kwa hiyo 4 haiwezekani.

Soma pia swali lenyewe. Kwa y = x² − 4 kuanzia 0 hadi 2, mchoro uko chini ya mhimili wa x. Intigrali yake ni −16/3, lakini eneo ni 16/3, na mtunzi mjanja huweka yote mawili.