Upepo wa namba 4 ni upepo gani? Kipimo cha Beaufort, na kwa nini rafali inadanganya watu kwenye ziwa

Kuko swali watu wanauliziana kila mara pa bandari, hapa Goma na kule Bukavu: upepo iko mingi ao kidogo leo? Na kila mutu anajibu kufuatana na moyo wake. Mwenye kuogopa mayi anasema mingi, mwenye mizigo yake imekwisha kupakizwa anasema kidogo. Sasa kuko njia ya kujibu bila mashini yoyote, unaangalia tu miti, vumbi na mayi, na unatoa namba. Njo inaitwa kipimo cha Beaufort.

Beaufort alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika kipimo chake kwenye daftari mwaka wa 1806, na hakuandika kilometa hata moja, baadaye aliongeza tu meli ya vita inaweza kubeba tanga ngapi kwa upepo wa aina gani. Kinaanza 0, moshi unapanda wima, kinafika 12, tufani. Miaka 100 baadaye, 1906, Mwingereza mwingine, George Simpson, akaongeza alama za nchi kavu, miti na majani, njo hizo zinatusaidia sisi ambao hatuna tanga.

Sitaeleza namba zote, zile zenye kuwa na kazi kwetu ni chache. Namba 3, majani na vitawi vidogo vinatikisika bila kuacha, bendera nyepesi inanyooka, ni kilometa 12 mpaka 19 kwa saa. Namba 4, vumbi na makaratasi vinainuka, matawi madogo yanacheza, 20 mpaka 28. Namba 5, miti midogo yenye majani inaanza kuyumba yote, 29 mpaka 38. Namba 6, matawi makubwa yanatikisika, nsinga za umeme zinapiga filimbi, mwavuli unakusumbua mukononi, 39 mpaka 49. Ya 7 muti muzima unayumba na wewe mwenyewe unatembea umeinama. Kwa mutumbwi mudogo, hesabu inapaswa kufungwa mbele ya kufika pale.

Kitu yenye watu wengi wanakosea ni hii: namba ya Beaufort ni ya upepo wa wastani, ule wa dakika 10, kwenye urefu wa meta 10 juu ya udongo. Si ya ule mupigo mumoja uliokung'oa kofia. Ule mupigo tunauita rafali, ni upepo unaoruka juu kwa sekunde chache (wapimaji wanahesabu wastani wa sekunde 3) kisha unashuka. Kwenye telefone pia utaona namba mbili, moja ya upepo na moja ya rafali, na watu wanasoma ile wanayoipenda.

Niweke mufano wa kweli. Siku moja ya mwezi wa 7, kiangazi, upepo ulikuwa unatoka kusini. Yaya yangu alikuwa Bukavu, anataka kupanda boti kuja Goma, mimi niko Goma kando ya mayi. Nikamupigia nikamwambia yaya, huku kuko mapovu meupe karibu kila mahali. Akanijibu, wewe unaniogopesha bure, huku mayi imetulia kama iko ndani ya beseni. Na hakuna mwenye alikuwa anadanganya! Upepo ulikuwa mumoja, lakini Bukavu iko mwisho wa kusini wa ziwa, upepo unatoka kwenye vilima mugongoni mwake, mayi ya pembeni haijapata nafasi ya kuinuka. Wimbi linataka safari ili likue. Ziwa Kivu lina karibu kilometa 90 kwa urefu, kwa hiyo kadiri unavyoenda kaskazini ndivyo mawimbi yanakua, mpaka yanatufikia sisi.

Nikamwambia, yaya, geukia mayi mugongo, angalia mikalitusi ile ya juu, dakika 10, usinipigie mbele. Nikamuomba vitu viwili tu: sehemu kubwa ya muda muti unafanya nini, na pale pabaya kabisa unafanya nini.

Alipopiga alisema mara nyingi ni matawi madogo tu yanacheza, vumbi inainuka barabarani. Hiyo ni namba 4, tuseme kilometa 25. Lakini mara tatu upepo ulikuja kwa nguvu, matawi makubwa yakatikisika, nsinga zikalia, sekunde chache, ikaisha. Alama hizo ni za namba 6, tuseme 45. Gawanya 45 kwa 25, unapata 1.8. Kwa kawaida katika muji na vilima rafali inafika kama mara 1.5 ya wastani, juu ya mayi wazi kama 1.3, kwa sababu hakuna nyumba wala kilima cha kukoroga upepo. Kwa hiyo 1.8 inasema upepo ule umekorogwa sana na vilima, na karibu na pwani ya Bukavu chombo kitapigwa ghafla hata kama mayi ni laini.

Na usione 45 na 25 ukafikiri ni karibu mara mbili tu. Nguvu ya kusukuma inafuata mraba wa mwendo: 1.8 mara 1.8 ni 3.24. Turubai iliyofunika mizigo inasukumwa zaidi ya mara tatu kuliko dakika iliyotangulia. Hapo njo manjanja ya nyumba yanaruka pia, rafali inayatoa wakati wastani unayaacha.

Kisha uangalie mayi kwa macho tofauti na miti. Jani linajibu palepale, wimbi linachelewa. Mawimbi unayoona ni kazi ya upepo wa wastani wa masaa yaliyopita, rafali ya sekunde 3 haiwezi kujenga wimbi. Rafali kwenye ziwa inaonekana kama doa nyeusi lenye mikunjo midogo midogo linalokimbia juu ya mayi, ukiliona linakuja unahesabu kidogo tu na linakugonga. Upepo ukikatika, mawimbi yanabaki, kwa hiyo mayi yenye kuchafuka haina maana upepo ungali pale.

Tena alama za mawimbi ziliandikwa kwa bahari wazi. Kule namba 4 inaleta mawimbi ya karibu meta 1, hapa yanabaki mafupi lakini yamebanana, yanagonga mbele ya chombo haraka haraka. Ukipima kwa urefu wa wimbi peke yake utatoa namba ndogo kuliko upepo wenyewe. Na jani la ndizi uliache, ni pana mno, linapiga kelele hata kwa upepo wa kawaida.

Yaya alingoja mpaka kesho yake asubui, miti ikawa namba 2, akavuka.

Kitu kimoja kipimo hiki hakikuonyeshi ni mvua ya radi. Kinasema upepo wa sasa tu. Mbele ya wingu jeusi upepo unaweza kuwa namba 1, kimya, wavuvi wa sambaza wanawasha taa zao, halafu hewa ya baridi inayoanguka toka ndani ya wingu inatandaa juu ya mayi na kwa dakika chache uko kwenye 7. Dakika 10 za kuangalia muti hazikusaidii hapo. Unaangalia nchi kavu chini ya wingu kama vumbi inainuka kwa mustari mumoja, unasikia baridi ya ghafla usoni, na kule mbali mayi inakuwa na mustari mweusi wenye ncha nyeupe. Ukiuona huo mustari, umebakiwa na muda wa kurudi pwani tu.