Barua kwa mhasibu mpya: kufunga hesabu za mwaka, na mzigo uliotangulia ankara yake

Mwenzangu,

Karibu idarani. Mwaka wetu wa hesabu unaishia tarehe 31 Desemba, na hii ndiyo orodha utakayofuata kuufunga. Usibadilishe mpangilio wake, kwa kuwa kila hatua inategemea iliyotangulia.

Anza na masalio ya kufungulia. Kabla ya kugusa chochote cha Desemba, toa urari wa tarehe 1 Januari ya mwaka unaoufunga, uulinganishe na mizania iliyokaguliwa ya mwaka uliopita. Masalio yawe sawa hadi shilingi ya mwisho. Yakikataa, tofauti mara nyingi hujitokeza kwenye faida iliyolimbikizwa, na chanzo huwa ama marekebisho ya wakaguzi yaliyobaki kwenye karatasi bila kuingizwa kwenye leja, ama muamala ulioandikwa katika mwaka ambao tayari ulikuwa umefungwa. Tafuta chanzo sasa. Ukiiacha, utaitafuta tofauti hiyo Machi katika akaunti zisizohusika nayo kabisa.

Hatua ya pili ni benki. Tuseme daftari letu la fedha linaonyesha shilingi 2,846,500, na taarifa ya benki ya siku hiyo hiyo inaonyesha 3,118,200. Hundi tulizotoa ambazo hazijafika benki ni 415,000, na pesa tulizopeleka ambazo benki haijaziingiza ni 96,000. Kwa upande wa benki, basi, salio sahihi ni 2,799,200. Upande wetu una mambo mawili ambayo hatukuyaandika: ada za benki 7,300 na hundi ya mteja ya 40,000 iliyorudishwa. Ukiyatoa, nasi tunafika 2,799,200. Kumbuka kwamba marekebisho ya leja ni hayo mawili tu. Hundi zilizo njiani haziandikwi upya, zinasubiriwa. Ila kagua tarehe zake: hundi iliyopita miezi 6 benki haitailipa, kwa hiyo irudishe kwenye orodha ya wadai, kwa maana deni bado lipo.

Akaunti ya M-Pesa ya paybill ilinganishe peke yake, kwa taarifa yake yenyewe. Kosa la kawaida ni kuandika mauzo kwa kiasi kilichofika benki baada ya ada kukatwa. Mauzo yaandikwe kamili na ada iandikwe kama gharama, la sivyo vyote viwili vitaonekana vidogo kuliko vilivyo.

Sasa tufike ghalani, na hapa naomba utulie. Faida inapopotoka bila mtu kuiba chochote, mara nyingi kosa liko kwenye mpaka wa tarehe: mzigo uko mwaka mmoja na karatasi yake iko mwaka mwingine.

Chukua lori lililotoka Mombasa na kushusha bidhaa kwenye ghala la Eneo la Viwanda tarehe 30 Desemba. Thamani yake kabla ya kodi ni 1,200,000. Kesho yake stoki inahesabiwa, na bidhaa hizo zinahesabiwa pamoja na nyingine. Ankara ya muuzaji inakuja tarehe 4 Januari, ikiwa na tarehe hiyo, na karani anaiingiza Januari kama alivyofundishwa. Stoki ya kufungia imepanda kwa 1,200,000, lakini manunuzi hayakupanda, kwa hiyo faida imevimba kwa kiasi hicho hicho. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, hiyo ni 360,000 ya kulipwa kwa faida ambayo haipo. Mwaka unaofuata kosa litajirudisha lenyewe kwa kupunguza faida, lakini pesa zitakuwa zimekwisha kutoka mfukoni.

Dalili yake utaiona ukiangalia asilimia ya faida ghafi. Kama mauzo ni 40,000,000 na kawaida tunabaki na asilimia 22, lori hilo moja litaipandisha hadi 25. Bei zetu hazikupanda, wala muuzaji hakutupunguzia. Basi kuna ankara imekosekana.

Kinga yake ni rahisi. Saa ya kuhesabu stoki, andika namba ya hati ya mwisho ya kupokelea bidhaa na namba ya hati ya mwisho ya kutolea bidhaa. Kisha chukua hati 10 za kabla na 10 za baada ya namba hizo, ufuatilie kila moja hadi kwenye leja. Kilichopokelewa kabla ya namba ya mwisho kiwe katika manunuzi ya Desemba, hata kama ankara haijafika. Kwa lori letu utaandika debiti 1,200,000 kwenye manunuzi na krediti kiasi hicho kwenye bidhaa zilizopokelewa bila ankara. Usiandike 1,392,000. Ile 192,000 ni kodi ya ongezeko la thamani, na hatuwezi kuidai kabla ya kuwa na ankara mkononi.

Upande wa mauzo kosa hugeuka. Mteja ametolewa ankara tarehe 31, mzigo wake bado uko ghalani ukingoja gari, na wahesabuji wanauhesabu kama wetu. Umeingia mara mbili, kwenye mauzo na kwenye stoki. Kama tayari ni mali ya mteja, uwekwe kando na kubandikwa alama kabla ya kuhesabu. Kama bado ni wetu, mauzo hayo ni ya Januari.

Gharama zilizotumika bila kulipwa zinafuata mantiki hiyo hiyo: stima ya Desemba, ulinzi, ada ya ukaguzi. Kadiria, andika, na siku hiyo hiyo tayarisha ingizo la kuigeuza tarehe 1 Januari. Usipoigeuza, bili ya stima ya 84,000 itaingia tena itakapofika, na gharama hiyo itakuwa imehesabiwa mara mbili. Ukiwa hapo, toa orodha ya wauzaji waliolipwa bila kutupatia ankara ya eTIMS. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi katika hesabu ya kodi, isipokuwa chache zilizosamehewa, kama mishahara na bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Wapigie simu Desemba, kabla watu hawajafunga ofisi kwenda mashambani.

Kisha jumlisha mauzo ya marejesho yote 12 ya kodi ya ongezeko la thamani yaliyoko iTax, uyalinganishe na leja ya mauzo. Tofauti si lazima iwe kosa. Gari kuukuu likiuzwa kwa kutozwa kodi, litaonekana kwenye rejesho lakini si kwenye mauzo. Andika maelezo ya kila tofauti kwa sentensi moja na uambatishe karatasi yake, kwa kuwa swali la Mamlaka ya Mapato huja baada ya muda mrefu, na pengine aliyeifanya kazi hiyo hatakuwepo.

Mwisho, funga Desemba ndani ya mfumo wenyewe, hivi kwamba hata mimi siwezi kuingiza kitu bila idhini ya meneja wa fedha. Marekebisho ya wakaguzi yatafunguliwa mlango kwa saa chache na kufungwa tena. Salio la kodi linalipwa kufikia 30 Aprili na rejesho la mwaka linawasilishwa kufikia 30 Juni, kwa hiyo nataka urari wa kwanza mezani kwangu wiki ya pili ya Januari, orodha ya bidhaa zilizopokelewa bila ankara ikiwa juu ya faili.